Hesabu ya Kuingia na Hesabu ya Kutoka Bisie

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kazi kwa muda katika mgodi wake wa Bisie, ndani ya msitu wa teritwari ya Walikale, Kivu Kaskazini. Wapiganaji wa M23 walikuwa wameshautwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, na sasa walikuwa wakisogea magharibi. Wafanyakazi waliondolewa, wakabaki wachache wa kulinda na kutunza mitambo. Siku sita baadaye M23 waliingia mji wa Walikale. Mwanzoni mwa Aprili waliuacha, na tarehe 9 mwezi huo kampuni ikasema kazi inarudi kwa hatua.

Bisie si mgodi wa kubeza. Mwaka 2024 ulitoa tani 17,324 za stani, ile metali ya kulehemia nyaya ndani ya simu na redio. Kiasi hicho ni kama asilimia 6 ya stani yote iliyochimbwa duniani mwaka huo, na habari ya kufungwa ilipofika London bei ilipanda siku hiyo hiyo. Kuujenga kulimeza zaidi ya dola milioni 150, na eneo la pili la mgodi huo, liitwalo Mpama Kusini, likameza zaidi ya dola milioni 100 nyingine kabla halijaanza kutoa madini mwaka 2024. Msomaji anaweza kuuliza: mtu aliyezika fedha kama hiyo msituni anathubutuje kufunga lango na kuondoka? Na baada ya kuona hatari kwa macho yake, anathubutuje kurudi wiki nne baadaye?

Jibu la maswali yote mawili ni kwamba fedha ile iliyozikwa haikuwa na kura katika uamuzi wowote kati ya hayo mawili. Kulielewa jibu hilo kunahitaji kutenganisha mambo matatu ambayo hata watu wa biashara huyachanganya: gharama iliyozama, gharama isiyobadilika, na gharama inayoepukika.

Tuanze na iliyozama, na tuitazame kwenye kitu cha kushika mkononi. Mawe ya Bisie hubeba kasiterite, ambayo ni madini yenye stani ndani yake. Kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji, ilhali jiwe la kawaida linaloizunguka halifiki hata mara tatu. Kwa hiyo kiwanda cha mgodi husaga mawe, kisha huyapitisha majini juu ya mashine zinazotikisika. Chepesi huchukuliwa na maji, kizito hubaki, na mwishowe hupatikana makinikia ya kupakia kwenye mifuko. Sasa fikiria meza moja ya kutikisa, chuma kizito kilichofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Ilisafirishwa kutoka nje, ikavushwa mipaka, ikafikishwa hadi ndani ya msitu kwa barabara ambayo kampuni ilibidi iifungue. Ukitaka kuiuza leo, mnunuzi lazima aifungue, aibebe tena kwa barabara ile ile, kisha atafute mtu mwenye madini ya aina hiyo hiyo. Atakachokulipa kinaweza kuwa pungufu kuliko nauli ya kuitoa. Tofauti kati ya bei uliyonunulia na hicho kidogo utakachoambulia ndiyo iliyozama.

Lori lililo nje ya kiwanda ni habari nyingine. Lori linaendeshwa hadi Kisangani au Bunia na kupata mnunuzi. Likinunuliwa kwa dola 80,000 na kuuzwa kwa 50,000, kilichozama ni 30,000 tu. Na handaki lililochorongwa ndani ya kilima ndilo kinyume kabisa cha lori, kwa sababu shimo halibebeki wala haliuziki peke yake. Fedha yote iliyolichimba imezama hadi senti ya mwisho. Kinachoamua, basi, ni sehemu gani ya fedha inaweza kurudi mfukoni ukiondoka, kiwe kitu chenyewe kidogo au kikubwa.

Gharama isiyobadilika hujibu swali tofauti kabisa: je, inaongezeka unapotoa tani nyingi zaidi? Mshahara wa mhandisi mkuu, chakula cha kambi, jenereta inayowasha taa usiku kucha hubaki vile vile, ziwe tani kumi au tani mia. Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na hapo ndipo kosa huzaliwa, maana mwanafunzi huondoka akiamini kwamba isiyobadilika na iliyozama ni kitu kimoja. Mshahara wa mhandisi wa mwezi ujao haubadiliki kwa tani, lakini haujazama, kwani hujaulipa bado. Funga mgodi, mlipe haki zake za kuondoka, na kuanzia hapo mshahara huo unakoma. Ni gharama isiyobadilika inayoepukika. Handaki nalo halibadiliki kwa tani, lakini haliepukiki, kwa kuwa limeshalipwa.

Inayoepukika, basi, ni ile ambayo haitatokea ukichagua kutofanya jambo fulani. Maneno ya mwisho hayo, jambo fulani, yana uzito, kwa sababu hakuna gharama inayoepukika yenyewe tu, bila kutaja uamuzi. Ukiamua kupunguza uzalishaji wiki hii, unaepuka baruti na sehemu ya dizeli, lakini humwepuki mpishi wa kambi. Ukifunga kwa muda, unamwepuka mpishi na wachimbaji, lakini humwepuki mlinzi wa lango wala pampu. Pampu hasa haina huruma: maji huingia handakini usiku na mchana, na ukiizima miezi kadhaa utarudi ukute ziwa na kuta zilizobomoka. Ukiacha moja kwa moja, unaepuka hata pampu, kwa sababu ziwa hilo halikuhusu tena.

Niweke tarakimu. Nitachukua mgodi wa kubuni, mdogo kuliko Bisie, ili hesabu ikae kichwani. Unatoa tani 100 za stani kwa mwezi. Handaki na kiwanda viligharimu dola milioni 60, zote zimezama. Kila tani inakula dola 8,000 za baruti, dizeli ya mashine, usafiri hadi mpakani, uyeyushaji na mrabaha wa serikali. Juu ya hapo, kila mwezi kuna dola 500,000 za mishahara, kambi, umeme na ulinzi, ziwe tani chache au nyingi. Mgodi ukifungwa kwa muda, dola 300,000 kati ya hizo zinakoma, na 200,000 zinabaki kwa ajili ya walinzi na pampu.

Mhasibu wa mgodi huu anagawanya zile milioni 60 kwa miaka kumi ya maisha ya mgodi. Anapata 500,000 kwa mwezi, yaani dola 5,000 kwa tani. Anajumlisha: 8,000, na 5,000 za gharama za mwezi, na 5,000 za handaki na kiwanda, jumla 18,000. Bei ikishuka hadi 15,000, daftari lake linaonyesha hasara ya dola 3,000 kwa kila tani, yaani 300,000 kwa mwezi. Mkurugenzi anakuna kichwa na kuuliza kama wafunge.

Wasifunge. Mwezi huo mauzo ni dola 1,500,000. Yanayotoka mfukoni kweli ni 800,000 za tani mia na 500,000 za mwezi, jumla 1,300,000. Zinabaki 200,000. Wakifunga kwa muda wanapoteza 200,000 za walinzi na pampu. Wakiacha kabisa wanapata sifuri. Kuendelea kunashinda njia zote mbili, na ile hasara ya daftari ni kivuli cha milioni 60 ambazo hazirudi wafanye wafanyalo.

Bei ikishuka zaidi hadi 12,000, mambo yanakuwa matamu kwa mwalimu na machungu kwa mkurugenzi. Mauzo ni 1,200,000 na matumizi ni 1,300,000, kwa hiyo kila mwezi wa kazi unakula 100,000. Lakini mwezi wa kufunga kwa muda unakula 200,000. Mwezi wa kuacha kabisa hauli kitu. Tazama jinsi jibu linavyotegemea unachotarajia kuhusu bei. Kama mkurugenzi anaamini bei itabaki hapo milele, aondoke. Kama anaamini itapanda mwakani, aendelee kuchimba akilipa 100,000 kwa mwezi kama ada ya kubaki mlangoni, na kufunga kwa muda ndilo chaguo baya kuliko yote. Kufunga kwa muda kunaanza kuwa na maana chini ya 11,000 tu. Kwenye bei ya 10,000, mwezi wa kazi unakula 300,000, na mwezi wa kufunga 200,000.

Kwa hiyo mgodi mmoja una bei tatu za kuangalia. Chini ya 11,000, kufunga kwa muda ni bora kuliko kuchimba. Chini ya 13,000, kama hakuna tumaini la bei kupanda, kuacha kabisa ni bora kuliko kubaki. Na 18,000, nayo ni kabla ya kuhesabu riba ya waliotoa mtaji, ni bei ambayo mtu aliye nje lazima aitarajie kabla hajaweka hata jiwe la msingi. Kwa aliye nje hakuna kilichozama bado. Milioni 60 ziko benki na zinaepukika zote, kwa kusema hapana tu. Saini inapowekwa na zege kumwagwa, gharama ile ile inahama upande, na haihami kurudi.

Hapa kanuni inajitokeza, nami naona ni bora kuikariri kuliko ufafanuzi wowote. Gharama inayobadilika huamua uchimbe kiasi gani. Gharama isiyobadilika lakini inayoepukika haiamui kiasi, ila inaamua kama uchimbe au la. Iliyozama haiamui lolote kati ya hayo, ila iliamua kila kitu siku moja kabla haijazama.

Kati ya bei ya kuingia na bei ya kutoka kuna pengo, na pengo hilo ndilo linaloeleza mwendo wa soko la stani ambao ungeonekana wa ajabu. Januari 2016 tani moja ilikuwa dola 13,000 na kitu. Hakuna aliyekuwa anakimbilia kujenga mgodi mpya kwa bei hiyo, lakini migodi mingi iliyokwisha kujengwa iliendelea kuchimba. Machi 2022 bei ilivuka 48,000, kisha kabla mwaka haujaisha ikawa imeanguka hadi karibu 18,000. Aliye ndani alinung'unika akaendelea. Aliyekuwa nje na michoro mezani aliikunja michoro. Bei moja, siku moja, na wote wawili walikuwa na akili timamu.

Alphamin hutangaza gharama zake kwa tani, na mwaka 2024 zilikuwa kati ya dola 15,000 na 16,000. Wasomaji wa magazeti ya biashara huichukua tarakimu hiyo kama mstari wa kufa na kupona: bei ikigusa hapo, mgodi unafungwa. Si hivyo. Ndani yake kuna mambo ya kila tani, kuna mishahara na ulinzi, kuna hata vifaa vya kuufanya mgodi uendelee mwakani, lakini fedha ya kuujenga mwanzo haimo. Na kati ya vilivyomo, baadhi haviepukiki kwa kufunga kwa muda. Kwa hiyo bei ya kufunga kwa muda iko chini ya tarakimu hiyo, na bei iliyohitajika kumshawishi mtu ajenge ilikuwa juu yake. Anayetaka kujua kama mgodi unakaribia kufungwa asome maelezo ya ni gharama zipi zingeendelea lango likifungwa.

Sasa turudi Machi 2025. Wakati ule bei ilikuwa zaidi ya dola 30,000, karibu mara mbili ya gharama. Kwa hesabu ya bei peke yake hakukuwa na sababu ya kufunga hata saa moja. Kilichobadilika ni upande wa gharama zinazoepukika, kwani kuendelea kuchimba kulikuwa na bei mpya isiyoandikwa kwenye ankara, nayo ni hatari kwa mamia ya watu walioko kambini na barabarani. Hatari hiyo iliepukika kwa njia moja tu, kuwaondoa. Kilichopotea upande wa pili kilikuwa kidogo kuliko kinavyoonekana. Kasiterite isiyochimbwa Machi haiozi. Inabaki kilimani hadi Mei. Mfugaji wa Masisi anayepeleka maziwa kwa mtengeneza jibini hana bahati hiyo, kwa sababu maziwa ya leo yasipopita barabarani leo yamekwisha. Mgodi uliahirisha mauzo, ukalipa walinzi na pampu za wiki hizo, na kwa malipo hayo ukanunua haki ya kurudi.

Na uliporudi, kurudi nako kulikuwa na gharama zake: kuwakusanya watu, kukagua handaki, kujaza akiba ya dizeli na chakula. Gharama za aina hii huongeza pengo lile. Anayejua kwamba kufunga na kufungua kutamgharimu hafungi kwa mtikisiko wa wiki moja, wala hafungui kwa siku moja ya utulivu. Husubiri apate uhakika kiasi fulani, na watazamaji huita subira hiyo uzembe au ukaidi.

Subira ya namna hiyo ilikuwepo Bisie kwa muda mrefu kabla ya Alphamin. Katika miaka ya 2000 kilima kile kilikuwa cha wachimbaji wa mikono, maelfu kwa maelfu. Wabebaji walitembea msituni na mzigo wa kilo hamsini mgongoni hadi Njingala, na ndege ndogo zilitua kwenye kipande cha lami cha barabara kuu pale Kilambo kuchukua mifuko kwenda Goma. Wanajeshi walikuwa wameushika mgodi. Kampuni ya MPC ilikuwa na kibali cha utafiti tangu 2006, lakini haikujenga. Kibali ni gharama ndogo iliyozama. Humpa mwenye nacho haki ya kuingia baadaye bila kumlazimisha. Alphamin walipochukua eneo hilo hawakumwaga zege siku ya kwanza. Walianza kuchoronga mwaka 2012 kupima mawe, wakafanya upembuzi, na ujenzi mkubwa ukafuata baadaye, hadi makinikia ya kwanza mwaka 2019. Kila hatua ilizamisha fedha kiasi ili kununua habari, na kwenye kila mlango swali lilikuwa lile lile: mapato yajayo yanashinda kilichobaki kutumika? Kilichokwisha kutumika kwenye kuchoronga hakikuwa ndani ya swali hilo, ingawa naamini kwenye kila kikao palikuwa na mtu aliyesema hatuwezi kuacha sasa baada ya kutumia yote haya.

Mchimbaji wa mikono anaishi upande wa pili wa hesabu hii. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, na amri ikaondolewa Machi 2011. Amri ilipotolewa, wachimbaji wengi waliondoka Bisie. Mali ya mchimbaji ni sepetu, nyundo, tochi ya kichwani na nguvu za mikono, na vyote vinahamishika hadi shimo jingine au shambani. Kilichozama kwake ni wiki alizotumia kufukua udongo kabla ya kuifikia mishipa ya madini, na deni alilochukua kwa mnunuzi ili ale wakati huo. Deni hilo, lazima niseme, ni tofauti na kuzama. Fedha yenyewe imeshaliwa na haibadilishi hesabu ya wapi pa kuchimba kesho, lakini mkopeshaji anaweza kumfuata, na kama anamfuata akihama tu, basi kuhama kumekuwa na gharama mpya inayoepukika kwa kubaki. Wengi wanaoonekana kung'ang'ania shimo lisilolipa hawadanganywi na jasho lililopita. Wamefungwa na mnunuzi.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi Masisi, kwenye vilima vya Rubaya vinavyotoa koltani. Huko wanaochimba ni wachimbaji wa mikono, hata pale ambapo kampuni ilikuwa na hati ya eneo. M23 waliitwaa Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka huo kwamba kundi hilo lilitoza dola 7 kwa kila kilo ya koltani. Tozo ya kilo ni gharama inayobadilika, na inaepukika na kila asiyenunua. Kwa hiyo mfanyabiashara anaiondoa papo hapo kwenye bei anayompa mchimbaji. Mchimbaji naye anapima alichobakiziwa dhidi ya kibarua cha shamba au shimo la kilima kingine. Mtoza ushuru ana dari: akipandisha mno, sepetu zinahama usiku.

Mwenye handaki hana pa kuhamia, na hapo fedha iliyozama inageuka kuwa kamba. Rudi kwenye mgodi wetu wa kubuni, bei ikiwa dola 20,000. Ili usifungwe moja kwa moja unahitaji 13,000 tu. Kati ya hizo mbili kuna dola 7,000 kwa tani, ambazo ni malipo ya wale waliotoa milioni 60. Yeyote mwenye uwezo wa kufunga barabara, awe mwenye bunduki, afisa wa forodha mwenye mhuri, au serikali inayobadilisha sheria ya kodi katikati ya safari, anaweza kuchukua sehemu kubwa ya zile 7,000 na mgodi bado usiondoke. Mwenye mgodi atalalamika, daftari litaonyesha hasara, lakini kuendelea kutabaki bora kuliko kuacha. Akiutoza mgodi kwa tani, utachimba pungufu kidogo, na mawe maskini yataachwa kilimani. Akiutoza kiasi kimoja kwa mwezi, utachimba kama kawaida hadi siku tozo itakapovuka mpaka, kisha utafungwa wote kwa mkupuo.

Anayefikiria kuingia analiona hilo kabla ya kumwaga zege. Hawezi kuhesabu 20,000 kama bei yake. Anahesabu kinachobaki baada ya wale watakaojua kwamba hawezi kuondoka. Ndiyo maana eneo lenye mawe tajiri linaweza kukaa miongo bila mgodi wa mashine, huku maelfu ya sepetu zikichimba juu yake kwa faida. Sepetu haimpi mtu cha kumshikia mwenzake.

Kuna namna moja tu mwenye handaki anaweza kutoka bila handaki kutoka, nayo ni kuuza hisa. Katikati ya mwaka 2025, miezi michache baada ya kufungwa na kufunguliwa, kampuni ya IRH ya Abu Dhabi ilinunua kutoka kwa Denham Capital takribani asilimia 56 ya Alphamin. Mnunuzi hakuwa na sababu ya kujali mgodi ulijengwa kwa kiasi gani. Alipima tani zilizoko kilimani, bei ya stani, gharama zinazoepukika za kuzitoa, na uwezekano wa kufungwa tena, akataja bei yake. Kwake kila dola ya bei hiyo ilikuwa ya kuepukika hadi dakika ya kusaini. Muuzaji naye alilinganisha bei hiyo na atakachopata akibaki. Makinikia yaliendelea kutoka msituni kwa malori wakati hati zikipita kwa mawakili, kwa sababu kubadilika kwa mwenye mgodi hakukubadilisha hata gharama moja ya kuchimba mwezi ule.